Ukuta mmoja, sura tatu

Mteja akiwekewa mezani picha tatu za nyumba anayotarajia kujenga, moja ikiwa na uso wa mbao, nyingine tofali na ya tatu bati, mara nyingi huamua ndani ya dakika chache. Lakini ukizitazama picha hizo vizuri utakuta ya mbao imepigwa na jua la machweo, ya tofali ina bustani iliyostawi, na ya bati iko chini ya mawingu. Anadhani amechagua mbao, kumbe amechagua machweo.

Ndiyo maana wasanifu makini hutengeneza picha moja tu ya msingi, kisha huivalisha nguo tatu.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa moja huko Kigamboni, Dar es Salaam, ambayo uso wake unatazama kaskazini. Kwenye kompyuta, msanifu anapaka kuta zote kijivu hafifu kisichong'aa. Kamera anaiweka kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama barabarani, kama mita 1.6, na haisogezi tena. Halafu anachagua mwezi na saa: Juni, saa nne asubuhi. Hapo jua la Dar es Salaam huwa upande wa kaskazini na linaupiga ukuta kimshazari, kwa hiyo kila mfereji na kila ukingo unaonekana. Desemba jua huhamia kusini na ukuta huohuo hushinda kivulini. Mti, gari, mpita njia na anga vikishapangwa, haviguswi.

Katika Photoshop, picha ya mbao hulazwa juu ya ukuta wa kijivu peke yake kwa mtindo uitwao Multiply, unaoruhusu vivuli vya chini vipenye juu. Kivuli cha kibaraza kinaangukia mbao palepale kitakapoangukia tofali. Kijivu cha msingi kikikolea mno, kila kitakacholazwa juu yake kitafifia na kuwa cheusi.

Kosa linalojitokeza zaidi ni vipimo, na mteja mwenyewe anaweza kulikamata kwa kidole. Tofali la kuchoma la vipimo vya Kiingereza lina kimo cha milimita 65. Ukijumlisha milimita 10 za udongo wa kuunganishia, kozi moja inakuwa milimita 75. Ukuta wa mita 3 basi una kozi 40. Ukihesabu kwenye picha ukapata 20, matofali yamekuzwa mara mbili, na nyumba nzima itaonekana ndogo kuliko itakavyokuwa. Kwa mbao, hesabu ni hiyohiyo: ubao unaoonekana kwa milimita 120 unahitaji mistari 25 kwenye ukuta huo. Tena angalia kama fundo lilelile la mti linajirudia kila baada ya hatua mbili. Hiyo ni dalili kwamba kipande kidogo cha picha kimerudiwarudiwa hadi kujaza ukuta.

Hata hivyo, picha ya msingi haiwezi kubaki ileile kabisa. Tofali lina unene wa milimita 102.5, ilhali ubao huweza kuwa na 20 tu. Kwa hiyo dirisha kwenye ukuta wa tofali huzama ndani zaidi na kivuli chake hurefuka. Msanifu asiporekebisha mbavu za madirisha na kona za nyumba, tofali litaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Bati ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linaishi kwa kuakisi vinavyolizunguka. Jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa mwaka 1997 huko Bilbao, Hispania, kazi ya Frank Gehry, limevikwa titani, na rangi yake hubadilika kadiri anga linavyobadilika. Rangi tambarare ikilazwa juu ya kijivu haitoi hilo. Inatoa ukuta uliopakwa rangi ya fedha. Sura ya bati inabidi itengenezwe upya na kompyuta, kwa kamera ileile, jua lilelile na anga lilelile, ili barabara na miti ya mbele ionekane ikicheza kwenye migongo ya bati.

Na kuna jambo ambalo picha zote tatu hazisemi: miaka. Mbao isiyopakwa kitu hugeuka kijivu kwa jua na mvua, na chumvi ya bahari hula chuma. Mteja wa Kigamboni aombe picha ya nne, ya mbao ikiwa imeshazeeka, kwa pembe ileile. Kisha aombe vipande halisi vya mbao, tofali na bati, avisimamishe kiwanjani vikitazama kaskazini, avitazame asubuhi na jioni kabla ya kutia saini.