Salio la Mwisho wa Mwezi Ndilo Mwanzo wa Mwezi Ujao: Jinsi ya Kupanga Pesa za Biashara

Wateja wetu wengi wenye biashara hujua pesa walizopokea mwezi huu. Ngumu ni kujua kama mwezi wa tatu kutoka sasa zitatosha. Njia moja rahisi ni makadirio yanayoendelea: salio la kufunga mwezi mmoja linahamishwa lilivyo, likawa salio la kufungua mwezi unaofuata.

Hesabu yenyewe

Salio la kufungua + pesa zitakazoingia − pesa zitakazotoka = salio la kufunga.

Tuchukue mfano wa duka la sare za shule. Tarehe 1 Oktoba, mwenye duka ana Sh40,000 akijumlisha pesa za simu, za benki na noti zilizo dukani. Anakadiria miezi minne hivi:

- Oktoba: anaanza na 40,000, zinaingia 60,000, zinatoka 72,000. Anafunga na 28,000.
- Novemba: anaanza na 28,000, zinaingia 45,000, zinatoka 60,000. Anafunga na 13,000.
- Desemba: anaanza na 13,000, zinaingia 50,000, zinatoka 105,000, kwa sababu ananunua vitambaa vya Januari. Anafunga na −42,000.
- Januari: anaanza na −42,000, zinaingia 180,000 shule zikifunguliwa, zinatoka 70,000. Anafunga na 68,000.

Angejumlisha miezi yote minne pamoja, angeona 335,000 zikiingia na 307,000 zikitoka, aseme mambo ni sawa. Lakini hakuna anayeweza kulipa kwa pesa ambazo hana. Desemba inapungukiwa na Sh42,000, na bila vitambaa hakuna sare za kuuza Januari.

Kuziba pengo mapema

Kwa kuwa ameliona pengo Oktoba, ana muda wa kuongea na watu. Anaelewana na muuzaji wa vitambaa alipe 30,000 Januari badala ya Desemba. Pia anawaomba wazazi wanaoagiza mapema watoe malipo ya kwanza, jumla 15,000.

Sasa Desemba inakuwa 13,000 + 65,000 − 75,000, anafunga na 3,000. Januari inakuwa 3,000 + 165,000 − 100,000, anafunga na 68,000. Umeona? Mwisho ni uleule. Hajaongeza faida hata shilingi moja, amebadilisha tu siku ya kulipa na kulipwa. Hata hivyo, 3,000 ni kidogo. Mteja mmoja akichelewa, pengo linarudi.

Mwezi ukiisha, weka salio la kweli

Tarehe 31 Oktoba, mwenye duka anahesabu pesa anazopata ni 21,000, si 28,000. Akiangalia taarifa ya akaunti yake, anaona mteja aliyechukua sare kwa deni la 7,000 hajalipa.

Hapa wengi huiacha 28,000 kwenye daftari. Usifanye hivyo. Futa, andika 21,000, na Novemba ianze na hiyo. Upungufu huo utashuka mwezi hadi mwezi: Novemba itafunga na 6,000, na Desemba na −4,000. Kama mteja ameahidi kulipa Novemba, na ni mtu wa kuaminika, ongeza 7,000 kwenye pesa za Novemba, na Desemba itarudi 3,000. Kama huna hakika, iache nje.

Kisha ondoa Oktoba na uongeze Februari. Hivyo kila mara unaona miezi minne mbele.

Mambo yanayoharibu hesabu

*Kuandika mauzo ya deni kama pesa.* Sare ikichukuliwa Novemba na kulipwa Januari, pesa ni za Januari.

*Kuhesabu pesa mara mbili.* Ukitoa kutoka benki kuweka kwenye simu, hiyo si pesa mpya. Imehama tu mfuko.

*Kuona kiwango cha mkopo kama salio.* Ukiruhusiwa kukopa 10,000 kwa simu, hiyo si salio la kufungua. Ukiikopa, iandike kama pesa iliyoingia, na mwezi wa kulipa uandike deni pamoja na ada yake kama pesa itakayotoka.

*Kusahau matumizi ya nyumbani.* Ukichukua pesa za duka kulipa karo au kununua unga, zimetoka. Zisipoandikwa, salio la daftari na la mfukoni hayatawahi kulingana.

Anza leo: jumlisha ulicho nacho kwenye simu, benki na mkononi. Hilo ndilo salio lako la kwanza la kufungua.