Matabaka Matatu ya Utamaduni wa Kazini

Utamaduni wa taasisi una matabaka matatu, kwa mujibu wa Edgar Schein, aliyekuwa profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyeyafafanua katika kitabu chake cha mwaka 1985. Tabaka la juu ni mambo yanayoonekana: mpangilio wa ofisi, mavazi, namna watu wanavyoitana na vikao vinavyoendeshwa. La pili ni maadili yanayotamkwa, yale yanayobandikwa ukutani na kusomwa na viongozi siku za sherehe. Chini kabisa kuna imani zilizojificha, ambazo wafanyakazi wamezizoea kiasi kwamba hakuna anayezitaja wala kuzihoji. Imani hizo hujengeka pale njia fulani inapoleta mafanikio mara nyingi, hadi ikaonekana ndiyo njia pekee.

Schein mwenyewe alikwaa tabaka hilo alipokuwa mshauri wa Ciba-Geigy, kampuni ya kemikali na dawa iliyokuwa na makao yake Basel, Uswisi. Milango ya ofisi ilifungwa na vyeo viliheshimiwa sana, ingawa viongozi walisema wanataka ubunifu. Schein aliandika maelezo kuhusu mbinu mpya za idara mbalimbali, akamkabidhi mwenyeji wake ayasambaze kwa mameneja. Baadaye aligundua kwamba wengi hawakuyapata. Hapakuwa na uzembe wala hila. Pale meneja alihesabiwa kuwa mwenye himaya yake, na kumpelekea taarifa asiyoiomba kulikuwa sawa na kumwambia hajui kazi.

Meneja mgeni huanza na yale yanayomshangaza, akiyaandika katika wiki za mwanzo kabla hajayazoea. Kisha huyaweka kando ya maadili yanayotamkwa. Pale viwili hivyo vinapopingana ndipo pa kuchimba. Kuuliza “maadili yenu ni yapi?” huleta majibu ya ukutani. Swali linalofaa hushika tukio: nani alipandishwa cheo mwaka jana, na kwa nini? Fedha zilipopungua, kipi kilikatwa kwanza? Wafanyakazi wa siku nyingi wakijadili majibu hayo kwa pamoja, imani huanza kujitokeza.

Hatari ni kuharakisha tafsiri. Kikao kilicho kimya huweza kutokana na heshima, woga, au uamuzi uliokwisha kufanywa nje ya chumba. Tafsiri huaminika tu inapoeleza matukio kadhaa, na hasa inapowezesha kutabiri litakalofuata.

Usomaji huo hubadili hatua inayochukuliwa. Katika kampuni kama ile ya Basel, kuamuru taarifa zisambazwe kila wiki kungezidisha ukaidi. Meneja aliyeisoma imani ya himaya angeitisha kikao ambacho kila mkuu wa idara anataja tatizo linalomsumbua, ili taarifa ya mwenzake imfikie kama jibu la swali alilouliza mwenyewe.