Mayai ya Chura Yaliyopasuka

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta. Maji huyapenya polepole. Ioni ya potasiamu, yenye chaji na iliyozingirwa na maji, ni nadra mno kupita, kwani ndani ya mafuta hakuna cha kuituliza chaji hiyo.

Mwaka 1992, Peter Agre na wenzake wa Baltimore walidunga mayai ya chura RNA ya protini waliyoishuku, kisha wakayatia katika maji yenye chumvi kidogo. Yalivimba upesi yakapasuka. Yale yasiyo na RNA hiyo yalibaki mazima. Zebaki ilizuia uvimbe huo. Protini hiyo, akwaporini, ndiyo iliyopitisha maji.

Ioni zina mifereji yake. Ule wa potasiamu huivua ioni maji yake na kuipokea kwa atomi za oksijeni zilizopangwa kwa kipimo chake. Sodiamu, ingawa ni ndogo zaidi, haishikiki vizuri hapo, hivyo hukataliwa.