Simu Mpya, Namba Zimegoma

Anayehamia simu mpya huhamisha laini kwanza, akiamini mengine yataifuata. Meseji za benki huifuata kweli. Namba sita za Google Authenticator hazifuati, kwa sababu hakuna anayezituma. Simu yenyewe huzitengeneza kila sekunde 30 kutokana na vitu viwili: saa yake, na siri ndefu iliyopokea siku uliposkani msimbo wa QR. Siri hiyo imebaki kwenye simu ya zamani, labda kama ulikuwa umewasha uhifadhi kwenye akaunti ya Google, ulioanza 2023.

Kwa hiyo usiifute wala kuiuza ile ya zamani. Hata bila laini wala intaneti, bado inatoa namba sahihi. Ifungue programu humo, uingie kwenye menyu, uchague “Transfer accounts” kisha “Export accounts”. Itatokea picha ya QR, uiskani kwa simu mpya. Halafu ziweke simu mbili pamoja. Zikionyesha namba zilezile kwa wakati mmoja, siri imefika.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hilo kwa nje tu: namba zipo, lakini zinakataliwa. Hapo ishuku saa. Chukua simu ya Nairobi iliyobaki kwenye majira ya London wakati wa baridi. Mwenyewe akaisogeza saa mbele kwa mkono, saa tatu nzima, ili isomeke sawa. Kioo kinasema kweli, ila ndani, simu inaamini imeshatangulia kwa saa tatu, na namba zake ni za wakati ambao haujafika. Washa saa na majira ya kujirekebisha yenyewe, kisha jaribu namba mpya.

Na kama simu ya zamani imeibwa? Anza na kompyuta ambayo bado imefunguliwa akaunti yako, na usitoke humo. Kwenye mipangilio ya usalama ya Google unaweza kubadilisha programu ya uthibitisho. Utapewa QR mpya, na siri ya zamani itakufa, hata mwizi akiwa nayo. Kama huna kompyuta hiyo, tafuta namba za akiba: Google hutoa kumi, zenye tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Kama nazo hazipo, imebaki kuomba kurejeshewa akaunti kupitia g.co/recover. Omba ukiwa mahali na kwenye kifaa ulichozoea kukitumia, maana mfumo hupima hayo, na uwe tayari kusubiri hata siku kadhaa. Anayekuahidi mtandaoni kuifungua haraka kwa malipo ni tapeli.

Barua pepe ikirudi, akaunti nyingine hazifunguki nayo. Kila moja ina siri yake, na kila moja huombwa kwa mwenye huduma hiyo.