Sungura, Kisima na Ulimbo: Ngano Moja katika Mbinu Tatu za Uhuishaji

Makala haya yanalinganisha mbinu tatu za kutengeneza filamu za katuni: michoro ya mkono, sanamu zinazosogezwa na kupigwa picha, na kompyuta. Walimu wa lugha wanapotaka kugeuza ngano kuwa filamu fupi ya kufundishia ufahamu wa kusikiliza, mara nyingi swali lao la kwanza ni programu gani ya kompyuta itumike. Swali hilo huja mapema mno. Kila mbinu ina mambo inayoyatoa kwa bei rahisi na mengine yanayokula wiki nzima. Ngano isiyolingana na mbinu yake huachwa njiani, sekunde 40 zikiwa zimekamilika na muhula umekwisha.

Tuchukue ngano ambayo wasomaji wengi wanaijua. Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kufanya kazi. Maji yanapopatikana, yeye huja usiku kuyaiba na kuwalaghai walinzi mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujificha majini. Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, mguu unanasa, anapiga kwa mkono, mkono nao unanasa. Ngano hii ina masimulizi mengi tofauti kutoka mahali hadi mahali, lakini kwa kazi yetu inatosha kuona kwamba ina mambo manne yatakayotusumbua: kundi la wanyama wanaochimba, fisi mwenye madoadoa, maji, na ulimbo.

Msingi wa uhuishaji, yaani kukipa uhai kitu kisicho na uhai, ni ule ule katika mbinu zote. Filamu ya sinema huonyesha picha mnato 24 kwa sekunde, nasi tunaona mwendo mmoja. Mafundi wengi hawatengenezi picha 24 tofauti. Kila picha hupigwa mara mbili, hivyo sekunde moja huhitaji 12 tu. Mwendo wa kasi sana ndio hudai zote 24. Kwa hiyo sekunde 10 za Fisi akitembea peke yake ni michoro 120. Tuiweke hesabu hiyo akilini.

Katika michoro ya mkono, mchoraji mkuu huchora kwanza mikao muhimu tu: mguu umeinuka, mguu umetua. Msaidizi wake hujaza michoro ya katikati. Kisha mistari hunakiliwa juu ya karatasi za plastiki inayoonyesha, ili mandhari ya nyuma ichorwe mara moja na kubaki palepale wahusika wakibadilika juu yake. Siku hizi kazi hiyo ya kunakili na kupaka rangi hufanyika ndani ya kompyuta, lakini mkono bado ndio unaochora. Gharama ya mbinu hii hupimwa kwa mistari. Kila mstari alio nao mhusika utachorwa tena na tena, na hapo ndipo Fisi wetu anapoleta taabu. Akiwa na madoadoa 30, sekunde 10 zinadai madoadoa 3,600. Tena kila doa lazima likae mahali pake, la sivyo madoadoa yataonekana yakielea juu ya ngozi kama majani juu ya maji. Kampuni ya Disney ilipotengeneza mwaka 1961 filamu yake ya mbwa 101 wenye madoadoa, iliweza kazi hiyo kwa kutumia fotokopi kuhamisha michoro ya penseli moja kwa moja kwenye plastiki badala ya kunakili kwa wino. Darasani dawa ni rahisi zaidi: Fisi apewe madoadoa matatu makubwa, au asipewe hata moja.

Kinachorahisishwa na kalamu ni mageuko. Sungura anaweza kurefuka kama mpira, macho yakatoka nje, akajigeuza kikongwe ili amlaghai mlinzi, na michoro haiongezeki gharama. Kuchimba nako kuna nafuu, kwa sababu mwendo unaojirudia huchorwa mara moja. Michoro 12 ya mnyama akiinua jembe na kulishusha inaweza kurudiwa hata dakika nzima. Wanyama wanane wakichimba ni michoro 96, si 960. Ndiyo maana ngano za miujiza, mageuko na nyimbo za kuitikiana hukaa vizuri katika mbinu hii. Filamu ya Kirikou ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Mfaransa Michel Ocelot, ambaye sehemu ya utoto wake aliipitia Guinea, ni ya michoro, na kisa chake cha mtoto anayezungumza tangu tumboni mwa mama hakimshangazi mtazamaji hata kidogo. Kalamu imekwisha kumzoeza kukubali lolote.

Sanamu ni habari nyingine kabisa. Hapa Sungura hufinyangwa kwa udongo usiokauka, ule wa kuchezea watoto, juu ya mifupa ya waya. Anawekwa juu ya meza, kamera inafungwa isitikisike, picha inapigwa, kiungo kinasogezwa milimita chache, picha nyingine inapigwa. Sekunde 10 ni misogeo 120 kwa kila kiungo kinachotembea, na hakuna kurudi nyuma. Sanamu ikianguka katika picha ya 87, hata ikisimamishwa tena haitakuwa pale ilipokuwa, na mtazamaji ataona mruko. Wanyama wanane wakichimba ni sanamu nane za kusogezwa kwa kila picha. Nafuu ya marudio haipo, labda jukwaa zima libaki bila kitu kingine kinachobadilika.

Adui mkubwa wa mbinu hii ni mwanga. Anayepiga picha karibu na dirisha atapata filamu inayowaka na kufifia, kwa maana kati ya picha ya kwanza na ya mwisho saa nne zimepita, jua limehama na mawingu yamepita. Madirisha yazibwe, taa zitumike mbili zisizosogezwa, na kamera izuiwe kujirekebisha yenyewe. Umeme wetu wa kupanda na kushuka nao huacha alama, hivyo taa za betri ni salama zaidi. Ukiona picha inapepesa lakini sanamu zimetulia, kosa ni la mwanga. Ukiona mandhari yote yanaruka pamoja, mtu amegusa meza au kamera.

Maji pia hayakubali mbinu hii. Huwezi kuyaamuru yasimame ukienda kusogeza sanamu. Mafundi huweka badala yake plastiki inayong'aa, au gundi inayoonyesha iliyoachwa ikauka. Kwa kisima chetu njia bora zaidi ni kujenga ukingo mrefu, ili maji yasionekane, yasikike tu.

Lakini tukifika kwenye ulimbo, udongo unashinda. Katika mchoro, kunasa ni mistari iliyogusana. Katika udongo mguu wa Sungura umenasa kweli. Ukiuvuta unarefuka, na alama za vidole vya fundi zinabaki juu ya ngozi. Alama hizo si dosari. Katika King Kong ya mwaka 1933 manyoya ya sokwe yanatetemeka bila upepo, kwa sababu vidole vya fundi viliyagusa kila picha, na mtazamaji huliona lile dude kuwa na uhai. Visa vifupi vya wahusika wawili au watatu, mahali pamoja, vyenye vitu vya kushikwa, kuvutwa na kubomolewa, ndivyo vinavyofaa sanamu.

Kompyuta huhamisha gharama yote mwanzoni. Kabla Sungura hajapiga hatua moja, umbo lake hujengwa, hutiwa mifupa, na ngozi hufungwa kwenye mifupa hiyo ili goti likikunjwa paja lisibonyee. Mwanafunzi mgeni wa programu ya Blender, ambayo hupatikana bila malipo, anaweza kutumia muhula mzima hapo. Baada ya hapo mambo huwa mepesi. Unampa kompyuta mkao wa kwanza na wa mwisho, nayo inajaza katikati. Madoadoa ya Fisi hupakwa mara moja tu. Wanyama wanane au mia nane ni nakala. Katika The Lion King ya mwaka 1994, ambayo kwa jumla ni ya michoro, nyumbu wanaotimka bondeni walitengenezwa kwa kompyuta, maana hakuna chumba cha wachoraji ambacho kingewamaliza.

Dosari ya kompyuta hutambulika kwa uzito. Ijazapo katikati kwa kasi moja, mhusika huelea kama aliye ndani ya maji, na nyayo huteleza ardhini. Tena kompyuta haijui kwamba gamba ni gumu. Mguu wa Sungura utapenya mgongo wa Kobe usipozuiwa, na kila uzi wa ulimbo utatakiwa kujengwa peke yake. Halafu kuna muda wa kutoa picha zilizokamilika. Ikiwa kila picha inachukua dakika 5, sekunde 10 zenye picha 240 ni saa 20 za mashine, na manyoya au maji huongeza. Wasanii wa Pixar walilijua hili walipochagua kisa cha Toy Story mwaka 1995: wahusika ni vitu vya kuchezea vya plastiki, na plastiki ndiyo kompyuta za wakati ule ziliyoiiga vizuri. Mbinu hii inalipa pale wahusika wale wale watakaporudi katika visa vingi. Kwa kisa kimoja cha dakika tatu, kwa maoni yangu, ni kujenga kiwanda ili kuoka mkate mmoja.

Iko njia ya kati. Katika Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010, wanyama ni bapa kama katika picha za Tingatinga za Tanzania, na kompyuta husogeza viungo vyao. Madoadoa yamejaa kila mahali, na hayamgharimu mtu, kwa kuwa yalipakwa mara moja.

Kwa ngano yetu, basi, ningechagua udongo kwa Sungura na Kobe kisimani, na uchimbaji ningeuonyesha kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa nyuma ya kitambaa.

Linabaki jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha, nalo ni midomo. Sauti hurekodiwa kwanza, ndipo picha zihesabiwe. Mtu akitamka silabi sita kwa sekunde, kila silabi ina picha mbili katika zile 12. Kiswahili kina irabu tano na silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo midomo saba ya udongo ya kubadilishana inatosha: mitano ya irabu, mmoja uliofungwa kwa p, b na m, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Mtazamaji husamehe kosa la irabu, lakini mdomo uliobaki wazi kwenye b huuona mara moja. Hapa sarufi inaingia jikoni. Katika neno mtoto, m ni silabi kamili, basi mdomo ubaki umefungwa kwa picha mbili nzima. Katika mbuzi, m si silabi. Mb na u zinagawana picha mbili, moja ya mdomo uliofungwa na moja ya u. Neno mbwa ni fupi kuliko mbuzi, lakini m yake ni silabi, hivyo linadai mdomo uliofungwa kwa picha tatu: mbili za m na moja ya b, kabla haujafunguka kwa a.