Kitasa Kipewe Namba Gani?

Duka la vifaa vya ujenzi likianza na bidhaa 80 hivi, mwenye duka huwa nazo zote kichwani. Siku anapoanza daftari la stoo, au anaponunua kompyuta, ndipo anapolazimika kuipa kila bidhaa namba yake. Njia inayomjia haraka ni herufi ya kwanza ya jina na namba ya mfuatano: M1 ni msumari wa inchi 2, M2 ni wa inchi 3, K1 ni kitasa. Miezi ya mwanzo mambo huwa shwari.

Shida ni kwamba katika duka la aina hii nusu ya rafu inaanza na K: kitasa, kufuli, koki, koleo, kebo. Duka likikua, K inavuka 100, na kompyuta ikiombwa kuzipanga inatoa K1, K10, K100, K11, kisha K2 inatokea mbali huko chini. Inazisoma kama maneno, alama moja baada ya nyingine, wala haioni hesabu ndani yake. Mtu wa kaunta akimpigia wa stoo simu na kumwambia, "Kaka, niletee K27 tatu," wa stoo hana dokezo lolote. K27 inaweza kuwa koki, inaweza kuwa kebo, na akisikia vibaya akaleta K37, hakuna kitu cha kumshtua.

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakataka namba ieleze kila kitu. Unakuta lebo imeandikwa KTS-CHN-R3-185, maana yake kitasa, kimetoka China, kipo rafu ya 3, bei 18,500. Inapendeza machoni mpaka bei ipande. Sasa mwenye duka ana njia mbili, na zote mbaya. Akibadilisha namba, risiti za zamani na hesabu za mwaka uliopita zinataja bidhaa ambayo haipo tena. Akiiacha kama ilivyo, lebo inadanganya, na mfanyakazi mgeni atauza kwa bei ya zamani. Mambo ni yale yale rafu zikihamishwa, au kitasa hicho hicho kikianza kuletwa na msambazaji mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kitu chochote ndani ya namba, jiulize swali moja: je, jambo hili linaweza kubadilika huku bidhaa ikibaki ile ile? Bei, rafu, msambazaji na mwaka wa kununuliwa vyote vinaanguka hapo. Kazi ya namba ni kuitambulisha bidhaa. Kuieleza ni kazi ya safu nyingine za daftari: jina, kipimo, rangi, bei, mahali ilipo.

Kinachofaulu mtihani huo ni kundi. Kitasa kitabaki kitasa. Hivyo namba ianze na herufi 2 za kundi: KF kwa kufuli na vitasa, MB kwa mabomba na viungo vyake, RG kwa rangi, MS kwa misumari na skrubu, WY kwa waya na vifaa vya umeme, ZN kwa zana. Duka la wastani halihitaji makundi zaidi ya 15, na wafanyakazi hukariri hayo upesi bila kuambiwa.

Utaona herufi zote hizo ni konsonanti, na nimezichagua hivyo makusudi. Wengi wetu tunataja herufi kwa Kiingereza na Kiswahili kwa kuchanganya. Ukisikia "i" kwenye simu, huwezi kujua kama mtu ametaja I ya Kiswahili au E ya Kiingereza. Ondoa irabu na tatizo limekwisha. Epuka pia makundi mawili yanayofanana masikioni, kama MB na NB, au RG na LG, maana kwa wasemaji wengi r na l hupokezana. Herufi zikikaa mwanzoni siku zote, na tarakimu baada yake siku zote, hata mwandiko mbaya hausumbui: alama inayofanana na O na sifuri, ikiwa katikati ya tarakimu, ni sifuri tu.

Baada ya herufi inakuja namba ya mfululizo, na hapa ndipo maduka mengi yanapokosea. Mtu anahesabu upya katika kila kundi, akapata KF-0001, MB-0001, RG-0001. Usifanye hivyo. Mfululizo uwe mmoja kwa duka zima. Bidhaa inayofuata kusajiliwa, iwe kufuli au kopo la rangi, inachukua namba inayofuata, na namba hiyo haitatokea tena kwenye kundi lolote. Faida yake ni kubwa. Namba peke yake inatosha kuitambulisha bidhaa, na herufi zinabaki kuwa kumbukumbu ya macho. Mtu akiandika MB badala ya KF, kosa linaonekana papo hapo, kwa sababu namba hiyo haimo kwenye mabomba. Na siku ukiamua kwamba gundi ya bomba ikae kwenye kundi jingine, tarakimu zake hazibadiliki.

Anza na 1001, wala si 0001. Excel ikiona tarakimu tupu kwenye seli hudhani ni hesabu na kufuta sifuri za mbele, 0001 ikabaki 1. Tarakimu 4 kuanzia 1001 zinakupa nafasi 8,999. Duka lenye bidhaa 1,200 leo, linaloongeza 300 kila mwaka, litazitumia kwa miaka 25 na ushee. Kama una matawi kadhaa na unapanua haraka, weka tarakimu 5 tangu siku ya kwanza, kwa sababu kurefusha namba katikati ya safari ndiko kunakoleta vurugu ya kupanga tuliyoiona kwenye K100.

Sasa tuseme kitasa cha mlango wa mbao kimeangukia namba 1347. Tunakiongezea tarakimu moja ya mwisho, ambayo haichaguliwi bali inakokotolewa kutokana na zile nne. Ni tarakimu ya ukaguzi, yenye kazi sawa na ya mwisho katika namba 15 za IMEI unazoziona ukibonyeza *#06# kwenye simu. Hesabu yetu ni hii: anza kulia, zidisha kwa 3, inayofuata kwa 1, kisha 3, kisha 1. 7 mara 3 ni 21, 4 mara 1 ni 4, 3 mara 3 ni 9, 1 mara 1 ni 1. Jumla ni 35. Ili kufika kwenye makumi yanayofuata, yaani 40, inahitajika 5. Basi kitasa chetu ni KF-13475.

Mfanyakazi akiwa na haraka akaandika 13745, tarakimu mbili zikiwa zimebadilishana, kompyuta inachukua 1374, inapiga hesabu ile ile, inapata 1. Mwisho pameandikwa 5, kwa hiyo inakataa. Kosa la tarakimu moja hunaswa kila mara. Jirani mbili zikibadilishana hunaswa pia, isipokuwa zile zinazopishana kwa 5, kama 1 na 6 au 2 na 7, ambazo hupenya. Upungufu huo unavumilika, hasa kwa kuwa herufi za kundi zinasaidia kukamata baadhi yake. Hakuna anayehitaji kukokotoa kwa mkono. Namba ya mfululizo ikiwa kwenye seli A2, fomula hii inatoa tarakimu ya ukaguzi:

```
=MOD(10-MOD(3*MID(A2,4,1)+MID(A2,3,1)+3*MID(A2,2,1)+MID(A2,1,1),10),10)
```

Na ili namba moja isisajiliwe mara mbili, weka kwenye safu ya pembeni `=COUNTIF(A:A,A2)`. Jibu lolote linalozidi 1 ni namba iliyorudiwa.

Linabaki swali la nini hasa kinastahili namba yake. Rangi nyeupe ya kampuni moja inauzwa kopo la lita 1, la lita 4 na ndoo ya lita 20. Hizo ni bidhaa tatu, namba tatu, kwa sababu zinahesabiwa kila moja peke yake na mteja hawezi kupewa moja badala ya nyingine. Vivyo hivyo bomba la PPR la milimita 20 na la milimita 25. Wengi hutamani kuingiza kipimo ndani ya namba. Mimi siungi mkono. Bomba linapimwa kwa milimita, msumari kwa inchi, rangi kwa lita, na waya una 1.5 na 2.5 yenye nukta katikati. Utajikuta unatunga kanuni mpya kwa kila kundi. Kipimo kiandikwe kwenye jina, na jina lichapwe kwa herufi kubwa chini ya namba kwenye lebo. Misumari unayonunua kwa mfuko na kuipima kwa kilo ibaki na namba moja, ihesabiwe kwa kilo, kwani mfuko ukifunguliwa mali ni ile ile.

Vipi kuhusu msimbopau wa kiwandani? Utumie, lakini uwe kwenye safu yake. Kiwanda kinaweza kubadilisha kifungashio na msimbopau ukabadilika, huku kwako kitasa ni kile kile. Acha misimbopau miwili au mitatu ielekee kwenye KF-13475 moja. Vitu visivyo na msimbopau, kama vinavyofungashwa dukani, unaweza kuvichapia wa kwako. Aina ya Code 128 inakubali herufi na tarakimu pamoja. Ukipenda aina ya EAN-13, yenye tarakimu 13, anza na 20 hadi 29, kwani mianzo hiyo imetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka na haitagongana na ya kiwanda chochote. Usijitungie inayoanza na 620 au 616. Hizo hutolewa kwa kampuni zilizosajiliwa na ofisi za GS1, ya kwanza Tanzania na ya pili Kenya.

Bidhaa ikiacha kuuzwa, namba yake istaafu nayo. Weka alama "haiuzwi" na uiache daftarini. Mteja atakayerudi mwakani na risiti ya kitasa kilichokwama lazima apate kitasa kile kile kwenye kumbukumbu zako, asikute namba yake imepewa tochi.

Kwa duka lenye namba za zamani, subiri siku ya kuhesabu mali, wakati kila kitu kinashikwa mkononi. Weka safu mbili, namba ya zamani na mpya, na usiifute ya zamani. Bandika lebo mpya rafu kwa rafu, na mzigo unaoingia upewe namba mpya mlangoni. Kazi ya kutoa namba apewe mtu mmoja tu. Wakitoa wawili, kila mmoja kwenye daftari lake, namba mbili zitagongana hata kama mpango wenyewe hauna kasoro.