Ufa kwenye mguu wa tangi

Tangi lilikuwa la maziwa, la stenlesi aina ya 304, na miguu yake ya chuma cha kawaida. Fundi alichomelea kwa rodi ya 308L, kwa kuwa ndiyo anayotumia kila siku kuunga 304 kwa 304. Mshono ulinyooka. Kesho yake asubuhi tulikuta ufa mwembamba kama unywele, umefuata upande wa mguu. Sumaku iliyoteleza kwenye ukuta wa tangi iling'ang'ania pale penye ufa.

Stenlesi zote zina kromi isiyopungua kama asilimia 10.5, na hiyo ndiyo inayozuia kutu. Zinachotofautiana ni namna atomi zilivyojipanga ndani. Kromi huvuta chuma kwenye mpangilio uitwao feraiti, unaoshika sumaku. Nikeli huvuta kwenye ostenaiti, laini, isiyoshika sumaku. 304, yenye kromi kama 18 na nikeli 8, ni ya ukoo huo, na masufuria mengi mazuri pia. Dupleksi ina vyote viwili, karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana ni imara kuliko 304. Ukoo wa nne, martensaiti, ni wa visu: ostenaiti iliyokosa nguvu ya kudumu hugeuka ghafla inapopoa, ikawa ngumu, na ikiwa na kaboni ya kutosha huvunjika badala ya kupinda. Kwenye kisu ugumu huo ni faida. Kwenye mshono wa tangi ni hatari.

Mwaka 1949 Mmarekani Anton Schaeffler alichapisha mchoro unaomwezesha fundi kujua mshono utaangukia ukoo gani kabla hajawasha mashine. Alijumlisha vyote vinavyovuta upande wa kromi vikawa namba moja, na vyote vinavyovuta upande wa nikeli vikawa namba nyingine, kwa asilimia za uzito:

```
Cr-eq = Cr + Mo + 1.5 Si + 0.5 Nb
Ni-eq = Ni + 30 C + 0.5 Mn
```

Tazama kaboni: sehemu moja yake inafanya kazi ya sehemu 30 za nikeli. Ndiyo maana chuma cha kawaida chenye kaboni 0.2, bila nikeli hata chembe, kinapata Ni-eq ya karibu 6.4, huku Cr-eq yake ikiwa 0.3 tu. Stenlesi ya tangi ilikuwa na 19.3 na 10.8, na rodi ya 308L 20.8 na 11.7.

Mshono si rodi peke yake. Moto huyeyusha kingo za pande zote mbili, zikachanganyika na rodi. Tuseme asilimia 15 imetoka tangini, 15 mguuni, na 70 ni rodi. Ukizidisha kila namba kwa fungu lake na kujumlisha, Cr-eq inakuwa 17.5 na Ni-eq 10.8. Kwenye mchoro, hapo ni ukingoni kabisa pa eneo la martensaiti. Fundi akiongeza moto kidogo, pande zikachangia 20 kila moja, namba zinashuka hadi 16.4 na 10.5, ndani ya eneo lenyewe. Ufa wetu ulitoka hapo.

Rodi ya 309L ina kromi kama 24 na nikeli 13, yaani 24.8 na 14.7. Kwa mchanganyiko uleule wa kwanza tunapata 20.3 na 12.9: ostenaiti yenye feraiti kama asilimia 5. Hiyo feraiti kidogo tunaitaka. Inameza salfa na fosforasi ambazo vinginevyo hukusanyika katikati ya mshono na kuupasua ungali moto. Ikizidi sana nayo huleta udhaifu, hasa kwenye chombo kinachokaa muda mrefu kwenye joto kali.

Mchoro huu una mipaka. Unahusu mshono uliopoa wenyewe. Bati lililokunjwa lina mambo yake, na kona ya 304 iliyopindwa kwa nguvu inaweza kushika sumaku bila kosa la rodi. Pia Schaeffler hakuhesabu nitrojeni, wakati dupleksi ya 2205 ina kama 0.17 ya hiyo. Ukiitafuta kwenye mchoro wake, itaonekana feraiti tele. Mchoro wa WRC-1992 unaizidisha nitrojeni kwa 20, na kwa dupleksi huo ndio wa kutumia.

Tuliusaga mshono wa zamani mpaka ufa ukaisha, fundi akapunguza ampea na kuelekeza moto zaidi kwenye rodi, safari hii 309L. Ulipopoa, sumaku ilivutwa kidogo tu, ukaibandua kwa kidole kimoja.